Picha ya mzee ina pikseli 420, familia inataka fremu ya A3: bakgraundi mpya inafika wapi na inagoma wapi

Dada mmoja anayefanya kazi Mji wa Serikali kule Mtumba alikuja studio kwetu hapa Dodoma mjini, familia yao inaandaa ibada ya kumbukumbu ya baba, mwaka mmoja tangu afariki, ibada ifanyike nyumbani Hombolo. Alitaka vitu viwili, fremu ya A3 ya kuning'iniza sebuleni na bango la fleksi la kusimamisha nje karibu na turubai. Picha waliyonayo mzee kakaa kwenye harusi ya mtoto wa ndugu, kati ya watu wawili, nyuma ukuta wa bluu mpauko na nusu ya dirisha, jua la saa saba mchana liko utosini. Akaniambia, "Kaka, hao watu watoe, huo ukuta utoe, muweke mzee kwenye shamba lake la zabibu, halafu uisafishe itoke kali."

Hilo ombi linasikika kama kazi moja lakini ndani yake kuna kazi tatu, na tatu hizo hazifanani kabisa. Kubadilisha kilichoko nyuma ya mtu ni kazi moja. Kuongeza ubora wa mtu mwenyewe ni ya pili. Kuikuza picha ifike saizi ya A3 ni ya tatu. Mteja anaziona kitu kimoja kwa sababu kaona kazi za watu wengine zimetoka safi, mtu kasimama mbele ya maua, kila kitu kinang'aa, anajua hiyo safi imetoka kwenye bakgraundi. Haikutoka huko, ilitoka kwenye picha ya mwanzo iliyopigwa vizuri. Kwahiyo kabla sijagusa bei nilitaka alielewe hili kwanza: bakgraundi mpya haiongezi hata pikseli moja, yaani hata kidoa kimoja cha rangi, kwenye sura ya baba yake, na kuna hali inaweza ikafanya sura ionekane mbovu kuliko ilivyokuwa.

Kwanza faili lenyewe. Alichonitumia ilikuwa skrinishoti ya stetasi ya WhatsApp, ina upana wa pikseli 720, juu na chini kuna meusi, na kifuani kwa mzee kuna maandishi ya "pumzika baba" yamepita katikati ya shati. Nikapima mzee kuanzia juu ya nywele mpaka kiunoni pale picha inapoishia, nikapata pikseli 315. Nikamwambia dada hapa bado hatujaanza, tutafute picha halisi ya mwanzo, maana skrinishoti inachukua kile kioo cha simu kinachoonyesha tu, haichukui picha yenyewe, na stetasi nayo ilishabana kabla ya hapo.

Tukafuatilia. Picha alipiga binamu yao anayekaa Bahi, simu iliyopigia ilishaibiwa na hakuwa na kopi popote. Lakini siku ya harusi aliitupia kwenye grupu la familia, na mmoja wa dada zao hajawahi kufuta picha za hilo grupu. Nikamwelekeza amwambie asipige skrinishoti wala asiitume kwa njia ya kawaida ya picha, aingie pale kwenye alama ya kuambatanisha achague Document, atafute hiyo picha aitume hivyo, kwasababu ukituma kama Document WhatsApp haiibani tena, inapita kama ilivyo. Ikaja ya 960 kwa 1280, haina maandishi kifuani, na mzee juu ya nywele mpaka kiunoni ana pikseli 420. Kichwa peke yake, kidevu mpaka juu ya nywele, 130.

Kutoka 315 kwenda 420 sio mchezo, na shati kutokuwa na maandishi ni kazi kubwa imeokolewa bure. Ila hapo ndio mwisho wa barabara, zaidi ya hapo hakuna. Watu wengi wanaruka hii hatua wanakimbilia kuediti, wakati robo saa ya kuuliza nani kapiga, kwa simu gani, nani mwingine anayo, inaweza kukupa kitu ambacho hakuna programu itakupa.

Sasa nikaikuza mbele yake kwenye skrini, kwanza asilimia 100, halafu 400. Nilimwonyesha pembeni ya sikio na kwenye kola. Pale unaanza kuona miraba midogo midogo, kila mraba pikseli 8 kwa 8, hiyo ni JPEG inavyobana picha, inaigawa kwenye miraba hiyo na kila mraba inaurahisisha kivyake, ukibana sana mipaka ya miraba inaanza kuonekana. Kichwa cha mzee cha pikseli 130 maana yake kina miraba 16 hivi kwenda chini. Jicho lote na kope zake limekaa kwenye miraba miwili au mitatu tu. Alafu rangi ndio imebanwa zaidi ya mwanga, picha nyingi za simu zinatunza mwanga wa kila pikseli lakini rangi zinatunza moja kwa kila kundi la pikseli nne, ndio maana bluu ya ukuta imeingia kwenye mvi za mzee na wekundu wa kitenge cha aliyekaa pembeni umemwagikia kwenye bega la shati. Kwa macho ya kawaida huoni, ukija kukata ndio unaona.

Dada akauliza swali zuri sana, "Sasa kaka si ukiikuza hiyo miraba si unaijaza katikati?" Ndio, programu inajaza, na inajaza kwa kukisia kutoka kwa majirani. Pikseli hii kahawia, ile kahawia nzito, katikati itaweka kahawia ya wastani. Matokeo yake ni ulaini, mistari inakuwa haina ngazi ngazi, lakini mkunjo wa ngozi ambao kamera haikuushika hauwezi kurudi. Nikamwambia mfano wa mkeka: ukishasukwa kwa ukili mpana huwezi kuomba nakshi nyembamba uione kwa kuusogelea, ukiusogelea utaona ukili tu. Akacheka, akasema mama yake anasuka, ataelewa haraka kuliko yeye.

Kinachomwelewesha mteja vizuri zaidi ni saizi na umbali, na hesabu yake ni fupi. Jicho zima, kwenye mwanga mzuri, linatenganisha vitu vya kama milimita 0.3 ukiwa mita moja kutoka kwenye picha. Ukiwa mita mbili inakuwa 0.6, ukiwa nusu mita inakuwa 0.15. Kwahiyo unachukua urefu wa mtu atakavyoonekana kwenye karatasi unagawa kwa pikseli zake, unapata pikseli moja itakuwa na ukubwa gani, halafu unalinganisha na umbali ambao watu watasimama.

Fremu ya A3 ni sentimita 42 kwenda juu. Alivyotaka yeye mzee ajae, achukue sentimita 28. Milimita 280 gawa kwa 420 unapata 0.67. Yaani pikseli moja ya mzee inakuwa zaidi ya nusu milimita, na fremu ya sebuleni watu wanaisogelea, mgeni anasimama nusu mita au sitini sentimita anasoma na jina. Hapo jicho lake linaona vitu vya 0.18, pikseli ni kubwa karibu mara nne. Ataona ukungu tu, hata ukiprinti kwenye karatasi ya bei gani.

Bango sasa. Hapa ndipo wateja wote wanashangaa, na yeye alishangaa. Bango mzee anakuwa na urefu wa mita nzima, milimita 1000 gawa kwa 420 ni karibu 2.4. Pikseli ya milimita mbili na nusu inatisha ukiisikia, lakini bango linasimama pembeni ya turubai na watu wengi wako mita nane kwenda nyuma, kwa mita nane jicho linaona vitu vya milimita 2.4. Inalingana. Waliokaa mbele kabisa mita tatu wataona ulaini, wa nyuma wote wataona picha ya kawaida. Kwahiyo kile kikubwa kinawezekana na kile kidogo ndio kinagoma, na mteja ukimwambia hivi bila hizo hesabu atahisi unamzungusha.

Ili asiniamini kwa maneno tu nikaprinti. Sio picha nzima, nikakata kipande cha uso peke yake kwa saizi ileile ambayo kingekuwa kwenye A3, uso unakuwa kama sentimita 8 na nusu kwenda juu, nikaprinti kwenye A4 ya kawaida nikabandika ukutani. Pembeni yake nikabandika ya pili ambayo mzee mzima ana sentimita 14 tu. Nikamwambia simama pale mlangoni, halafu sogea taratibu. Aliposogea ile kubwa ikaanza kupotea macho, yaani macho ya mzee yakawa madoa mawili ya giza, ile ndogo ikabaki mzee. Hicho kipande cha karatasi kilimaliza maelezo ya nusu saa. Nawashauri mnaofanya hii kazi, msimwonyeshe mteja kwenye simu, kwenye simu kila picha ni nzuri kwa sababu kioo ni kidogo, mprintieni kipande kwa saizi halisi kabla ya kupokea pesa.

Tukaja kwenye bakgraundi yenyewe. Alikuwa ameshachagua picha mtandaoni, shamba la zabibu la nchi za wenzetu huko, milima, jua linazama, pikseli zaidi ya 5000 upande mrefu, kila jani unalihesabu. Nikamwekea haraka haraka mzee juu yake, bila kumaliza kukata, aone tu. Ikawa vile nilivyotegemea: majani yanakata kama wembe, mzee mbele yake kama ametoka kwenye moshi. Ukiangalia ile picha ya harusi peke yake hukuona mzee ana ukungu kwa sababu ukuta nao ulikuwa na ukungu uleule, dirisha lina ukungu uleule, kila kitu kiko sawa jicho linakubali. Ukiweka kitu kikali nyuma yake umempa jicho kipimo, na kipimo hicho kinamshtaki mtu aliyembele. Hii ndio maana nilisema mwanzo bakgraundi inaweza ikaharibu sura bila kuigusa.

Tena mwanga haukubaliani. Mzee jua liko juu ya kichwa, kivuli kiko chini ya nyusi na chini ya pua na kidevuni, mabegani kunang'aa. Kwenye lile shamba jua liko chini linatoka kushoto, rangi ya chungwa. Ningeweza kumpaka mzee uchungwa kidogo, lakini kivuli cha chini ya nyusi hakihami. Na akaniuliza kama naweza kuyafungua macho, kuyang'arisha. Kidogo, ndio. Sehemu yenye giza kwenye JPEG iliyobanwa haina taarifa nyingi, ukiivuta juu haitoki jicho, inatoka miraba na madoa ya rangi. Nilivuta hadi pale miraba inapotaka kuanza kuonekana nikasimama, nikamwambia huo ndio mwisho wake.

Kukata sasa, na hapa nataka nikae kidogo kwasababu kazi nyingi zinafia hapa. Mzee ana mvi fupi zilizosokotana, na unywele mmoja ni mwembamba kuliko pikseli moja ya hii picha. Maana yake ukingoni mwa kichwa hakuna pikseli ya nywele na pikseli ya ukuta, kuna pikseli ambazo ni nusu nywele nusu ukuta, rangi imeshachanganyika ndani ya pikseli moja na haichanganuki. Upana wa huo mchanganyiko hapa ulikuwa kama pikseli tatu hivi. Ukikata nje yake unabeba ukuta, unapata mstari wa bluu nyeupe kuzunguka kichwa. Ukikata ndani yake unanyoa mzee, kichwa kinakuwa kama kimekatwa kwa mkasi kwenye gazeti. Kwenye picha kubwa ya kamera unatumia Select and Mask ya Photoshop, unapita na brashi ya ukingo, unaweka tiki Decontaminate Colors, nywele zinatoka moja moja. Kwenye hii hakuna nywele za kutoa moja moja, ukipitisha hiyo brashi inakupa ukingo uliotafunwa na panya.

Sasa dawa yake haiko kwenye kukata, iko kwenye kuchagua kitakachokaa nyuma ya kichwa. Zile pikseli za mchanganyiko ni bluu mpauko karibu na nyeupe. Ukiweka kijani kizito cha majani nyuma ya kichwa, ule mstari unawaka mita kumi unauona. Ukiweka kitu chenye mwanga unaokaribiana na ukuta wa zamani, kwa mfano anga la mchana lenye ukungu, mstari unayeyuka wenyewe kwa sababu umerudi kwenye mazingira yake. Picha iliyotoka kwenye mwanga iende kwenye mwanga, iliyotoka kwenye giza iende kwenye giza. Mteja anaweza kuchagua mahali, ila mwangaza wa kile kinachogusa nywele umeshachaguliwa na picha ya zamani, na hili lazima ajue mapema kabla hajapenda picha fulani mtandaoni.

Nikampa njia. Shamba la mzee lipo, liko Hombolo, si aende Jumamosi akalipige picha mwenyewe. Nikamwandikia masharti kwenye meseji: upige saa saba mchana kama ile ya harusi, simu iwe usawa wa kifua cha mtu aliyekaa na siyo juu, simama mahali ambapo mizabibu inaishia chini ya nusu ya picha na juu yake ni anga tupu, usitumie zoom. Usawa wa simu una maana yake, mzee alipigwa na mtu aliyechuchumaa kidogo, ukileta shamba lililopigwa na mtu aliyesimama wima mistari ya mizabibu inashuka mbele kama anaelea hewani.

Akaleta picha nzuri sana. Mvua zilikuwa zimeshapita, majani yana vumbi letu hili la Dodoma, anga jeupe. Nikaona hiyo ndio yenyewe, tena inampendeza mzee kuliko ile ya jua kuzama kwa sababu ni kwake.

Kazi yenyewe kwa ufupi. Nilimkuza mzee mara mbili kwanza, Image Size, kwenye Resample nikachagua Preserve Details 2.0, kabla ya hapo nikapitisha Reduce Noise nikiwa nimeweka tiki Remove JPEG Artifact ili miraba isikuzwe pamoja nae. Kukuza huku hakumwongezei kitu usoni, kunanipa nafasi ya kukata ukingo laini badala ya ngazi ngazi. Mabega na mikono nikakata kwa Pen, kichwa nikapaka kwa mkono kwa brashi laini yenye upana unaolingana na ule ukungu wa asili, kwa hiyo ukingo wa kichwa una ulaini uleule wa kola yake. Ile bluu ya kwenye mvi na wekundu wa begani nikaufunika kwa leya ya juu yake iliyo kwenye Color, nachukua rangi ya mvi za ndani naipaka pembeni. Shamba nikalipa Gaussian Blur mpaka majani yakawa na ulaini kuzidi kidogo wa mzee, kamwe yasiwe makali kuliko yeye. Mwisho nikaweka Add Noise ndogo sana juu ya picha nzima, Monochromatic, ili mzee na shamba wawe na punje za aina moja. Hiyo hatua ya mwisho watu wanaidharau lakini ndio inayowaunganisha, bila hiyo ngozi inakuwa laini kama plastiki na shamba lina ulaini wake mwingine, jicho linajua hawa hawakuwa pamoja.

Mkono wa jirani ulikuwa begani kwa mzee, vidole vinne vinaonekana juu ya shati. Hii niliifanya, na nilimweleza kwanini inawezekana: shati ni la rangi moja, halina maua, bega la upande wa pili lipo zima, kwahiyo nilinakili kitambaa nikaziba. Angekuwa kavaa shati la vitenge, au kile kidole kingekuwa kimegusa shavu, ningemwambia hapana. Kuziba shati ni kukisia kitambaa, hakuna atakayeumia. Kuziba shavu ni kumkisia mzee, na familia inamjua kwa zile alama ndogo ndogo ambazo mimi siwezi kuzijua.

Kabla ya yote hayo, ile siku ya vipande ukutani, nilimwandikia haya kwenye WhatsApp nikamwomba ajibu ndio kabla ya kutoa advansi:

"Dada, nitakachofanya: nitawatoa watu wawili na ukuta, nitaziba mkono ulioko begani, nitamweka mzee kwenye shamba lenu, nitasawazisha rangi, nitaandika jina na tarehe. Nisichoweza: sura haitakuwa kali kuliko ilivyo kwenye kipande ulichokiona ukutani, macho yatabaki na kivuli, nywele hazitaonekana moja moja, na shamba litakuwa na ukungu kwa makusudi. Kwenye bango atakuwa mita 1, ataonekana vizuri kuanzia mita 8. Kwenye fremu atakuwa sentimita 14 sio 28. Ukikubali nianze."

Ujumbe wa namna hii unasaidia pande zote mbili, maana aliyekuja kuona vipande ni yeye, ila watakaolalamika ni ndugu ambao hawakuwepo, na yeye anakuwa na kitu cha kuwasomea. Na kwenye fremu alinipinga kwanza, akasema ameshanunua fremu ya A3, elfu thelathini na tano, hawezi kuirudisha. Hakuna haja ya kuirudisha. Tuliweka picha ya mzee katikati, pembeni tukaacha nyeupe pana pande zote, chini jina lake na miaka yake kwa herufi kubwa kali. Milimita 140 gawa kwa 420 ni 0.33, na fremu ikining'inizwa juu ya kochi mtu anakuwa mita moja na kitu, inakaa vizuri. Herufi tumeziandika upya zinatoka kali kabisa, zinakaa kwenye karatasi nyeupe mbali na uso, kwahiyo hazimlinganishi nae.

Mama yao alikuja mwenyewe siku ya kuchukua. Nikamwamkia, nikampa kiti, nikamwekea fremu kwenye meza mbele yake na sikusema chochote kuhusu pikseli. Akaangalia mizabibu kwanza, akataja ni upande gani wa shamba, halafu ndio akaangalia mzee. Akasema huyu ndiye. Kwa picha ya marehemu mimi nataka neno hilo kuliko neno "imetoka kali", na ndio sababu ya kukataa kunoa sura kupita kiasi, ukiinoa sana picha ya namna hii mistari ya mdomo inakuwa minene, mzee anaonekana amekasirika.

Shangazi yao aliyefuatana na mama akaomba kitu kingine, kwenye bango mzee awe amesimama, mzima, mpaka viatu. Picha inaishia kiunoni na mzee kakaa. Nilimjibu, "Shangazi, miguu ya mzee hatuna, nikiweka itakuwa ya mtu mwingine." Akauliza kama kuna picha nyingine tukachukua miguu kwenye hiyo. Hata ingekuwepo mwanga wake tofauti, kamera iko usawa tofauti, na kiuno cha aliyekaa hakiungani na miguu ya aliyesimama. Tukafunika kiuno kwa mzabibu mmoja wa mbele, ukungu zaidi ya ile ya nyuma, anaonekana kakaa shambani kwake, na shangazi akaridhika na hilo.

Wiki mbili baada ya ibada dada akapiga simu, wanajengea kaburi na fundi anataka picha ya kwenye kigae cha udongo, cha umbo la yai, kama sentimita 9 kwa 12, inatosha? Hapo tunakata kichwa na mabega tu, pikseli 220, zikikaa kwenye sentimita 10 kila pikseli inakuwa milimita 0.45, na mtu anayesimama mbele ya kaburi yuko mita moja na nusu. Nikamwambia inatosha, ila nyuma ya kichwa tuweke ile anga nyeupe peke yake bila mizabibu, na fundi nimtumie faili mimi mwenyewe kama Document, asichukue ile iliyopo kwenye stetasi.